Namna Tatu za Kujifunza

Mvulana mmoja wa Bukavu alipewa kazi ya kujifunza majimbo ya Kongo na miji yake mikuu. Tangu mwaka 2015 nchi ina majimbo 26. Kinshasa, na jimbo la kwao, aliyajua tayari. Akabaki na 24.

Yeye alizoea kukisoma kitabu tena na tena. Kaka yake huandika upya daftari zima. Mwalimu husema: "Funika kitabu, mwanangu, ujiulize." Mvulana akataka kujua ni njia ipi inayomfaa yeye mwenyewe.

Aliandika kila jimbo juu ya kipande cha karatasi, akavitia vyote katika bakuli, akavitoa bila kutazama, mafungu matatu, kila fungu majina manane. Hakuchagua kwa macho, maana angaliweza kukusanya majina mepesi katika fungu moja.

Jumatatu alisoma fungu la kwanza tena na tena kwa dakika 15. Jumanne aliandika upya fungu la pili, dakika 15 vilevile. Jumatano alisoma fungu la tatu mara moja tu, akafunika miji, akajiuliza mpaka dakika 15 zilipokwisha. Siku hiyo ilimchosha, tena alikosa mara nyingi. Akasema moyoni: "Jumatatu nilijifunza vizuri zaidi."

Kila fungu lilingoja siku saba. Kisha kaka yake alimwuliza, kitabu kimefungwa. Fungu la kusoma tena: 3 juu ya 8. La kuandika upya: 4. La kujiuliza: 6.

Lakini 3 na 4 ni karibu sawa. Kwa majina manane tu, jina moja laweza kupatikana kwa bahati. Ile 6 ndiyo iliyostahili kuangaliwa. Hata humo palikuwa na kosa baya: alisema kwa nguvu kwamba mji mkuu wa Lomami ya Juu ni Kabinda. Sivyo, ni Kamina. Kabinda ni wa Lomami. Siku ya Jumatano alijibu hivyo mara tatu, wala hakufungua kitabu kuhakikisha. Alikuwa amejifundisha kosa.

Basi akabadili desturi yake. Sasa hujiuliza, na baada ya kila jibu hutazama kitabu. Majina aliyokosa huyarudia kesho yake, na tena siku ya tatu.

Baadaye alijaribu maneno 24 ya Kifaransa kwa namna ileile, lakini mtihani ulikuwa wa kuandika. Kujiuliza kwa mdomo kulimpa 3, kuandika upya 5. Mkono haukuwa umezoezwa. Kwa imla, sasa hujiuliza kwa kalamu, kitabu kikiwa kimefunikwa.

Maulizo

1. Sababu gani alitumia bakuli?
2. Sababu gani alingoja siku saba?
3. Kabinda ni mji mkuu wa jimbo gani? Jibu kwanza, kisha utazame juu.