Dondoo muhimu: Mkubwa Anapopiga Simu

Kijana wa dawati la msaada wa kompyuta katika ofisi moja ya Butembo alipigiwa simu alasiri na mtu aliyejinasibu kuwa ndiye mkurugenzi, akidai kwamba yuko Beni, simu yake imeibiwa, na kwa hiyo abadilishiwe neno la siri na namba yake mpya isajiliwe ili ipokee msimbo wa uthibitisho, maana mishahara haina budi kuidhinishwa kabla ya magharibi.

Mpigaji alimtaja katibu na siku ya safari. Lakini habari kama hizo hata mlinzi wa langoni huwa nazo. La kutia shaka ni kuombwa vyote viwili pamoja, kwani mwenye neno la siri na namba ya kupokelea msimbo amekwisha kuimiliki akaunti.

“Samahani mzee, nitakupigia,” kijana akajibu kwa adabu, akakata. Hakuirudia namba ile, wala hangeliamini jina kwenye kioo, ambalo laweza kughushiwa. Alifungua daftari la watumishi, akapiga namba ya mkurugenzi iliyokuwamo tangu zamani, naye mwenyewe akaitika, simu haijaibiwa.

Isingeitikiwa, ingempasa kumpigia mwenzake wa tawi la Beni amwendee mkurugenzi, amwone kwa macho, ndipo kazi ifanywe, hata ikichelewa. Kisha kijana aliandika saa, namba na maombi yale, akawatahadharisha wenzake wa zamu ya usiku papo hapo, kwa sababu laghai aliyekataliwa na mmoja hujaribu kwa mwingine.