Daftari la Mchezo: Deni ni la Nani?

Katika vijiji vya Kitomanga na maeneo jirani, mchezo wa kupeana fedha kwa zamu unaendeshwa zaidi kwa kumbukumbu ya kijumbe kuliko kwa maandishi. Yapo madaftari, lakini mengi huwa na orodha ya majina na alama za vema tu. Alama ya vema inatosha pale kila mtu anapolipa kiasi kamili na kwa wakati. Siku mwanachama mmoja anapoleta pungufu, alama hiyo haisemi ameleta kiasi gani, wala haioneshi nani ameumia kwa upungufu huo.

Makala hii inahusu jambo hilo la mwisho. Katika mchezo, mchango usiolipwa si deni la kikundi. Ni deni la mtu aliyekuwa na zamu siku ile, kwa kuwa ndiye aliyepokea pungufu. Daftari lisiloonesha hivyo huficha dhuluma hata kama kijumbe ni mwaminifu.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wanachama 10 wanaochangia shilingi 10,000 kila wiki, mwenye zamu naye akichangia, hivyo kila anayefikiwa hupokea 100,000. Tuwaite kwa namba za zamu zao. Wiki tano za mwanzo zimekwenda vizuri. Wiki ya sita, Namba 3, ambaye alikwishapokea fedha zake, analeta 4,000 tu. Namba 9, ambaye bado hajafikiwa, haleti kitu. Makusanyo ni 84,000, nayo anapewa Namba 6.

Wiki ya saba Namba 9 anakuja na 20,000, yaani mchango wa wiki hiyo pamoja na ule wa wiki iliyopita. Namba 3 haonekani. Wengine wanane wamelipa kamili, na mkononi mwa kijumbe mna 100,000 taslimu. Hapa ndipo makosa hutokea. Kijumbe akiona fedha zimetimia, humkabidhi Namba 7 zote, mkutano unafungwa, na kila mtu anaamini kwamba wiki hiyo haikuwa na upungufu. Ukweli ni kwamba 10,000 kati ya fedha hizo ni haki ya Namba 6. Namba 7 alipaswa kupokea 90,000, na 10,000 zilizobaki zimfuate aliyepunjwa wiki ya sita.

Ili jambo hili lionekane, daftari kubwa la kaunta ligawanywe sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni jedwali la michango. Majina yaandikwe upande wa kushoto na tarehe za wiki juu, na katika kila chumba iandikwe tarakimu ya fedha iliyopokelewa siku hiyo. Aliyeleta 4,000 aandikiwe 4,000, na asiyeleta kitu aandikiwe sifuri badala ya kuachiwa nafasi tupu, maana nafasi tupu inaweza kujazwa baadaye na mtu yeyote.

Sehemu ya pili ni ya malipo: tarehe, jina la aliyepokea, kiasi alichostahili, kiasi alichokabidhiwa, na saini au dole gumba lake mbele ya shahidi. Sehemu ya tatu ni ya madeni, na kila mstari wake utaje watu wawili, anayedaiwa na anayedai. Kwa mfano wetu, wiki ya sita ingeandikwa: Namba 3 anadaiwa 6,000 na Namba 6, Namba 9 anadaiwa 10,000 na Namba 6. Fedha ya nyuma inapoletwa, iandikwe hapa kwa tarehe yake mpya na anayedai asaini kuipokea. Sifuri iliyoko kwenye jedwali isifutwe wala kuandikwa juu yake.

Baada ya wiki ya saba tunaweza kulijaribu daftari. Kama wote wangelipa, michango ingefika 700,000. Sehemu ya madeni inaonesha kwamba Namba 3 bado anadaiwa 6,000 na Namba 6, na 10,000 na Namba 7, jumla 16,000. Hivyo michango iliyopokelewa iwe 684,000. Malipo nayo ni 500,000 kwa watano wa kwanza, 94,000 kwa Namba 6 na 90,000 kwa Namba 7: jumla 684,000. Hesabu hizi mbili zisipolingana, kuna fedha iliyopokelewa bila kuandikwa au iliyotolewa bila kusainiwa, na itafutwe kabla watu hawajatawanyika.

Hatua ya kumchukulia anayesuasua hutegemea kama amekwishapokea zamu yake au la. Namba 9 aliposhindwa wiki ya sita, alikuwa amekwishachangia 50,000 bila kupokea hata senti. Huyo hana sababu ya kuandamwa, kwa kuwa deni lake lingeweza kukatwa siku ya zamu yake na kupelekwa kwa Namba 6. Namba 3 amechangia 54,000 na kupokea 100,000. Mkononi mwake mna 46,000 za wenzake: 16,000 zimeshapitiliza tarehe, na 30,000 ni za wiki tatu zijazo. Kwa mtu wa namna hii hakuna zamu ya kukata. Kinga yake huwekwa mapema, kwa mdhamini anayesaini siku zamu inapotolewa, au kwa kumpanga nyuma mwanachama mgeni.

Kwa wakulima wa korosho na ufuta, kuchelewa mara nyingi hutokana na fedha za mnada kutofika kwa wakati waliotarajia. Ni vyema jambo hilo lizungumzwe wakati wa kupanga zamu. Wanachama wakibadilishana zamu, wote wawili wasaini. Faini, kama kikundi kimekubaliana kuwa nazo, ziwe na ukurasa wake; zikichanganywa na michango, jaribio tulilolieleza halitafanya kazi. Vipo vikundi visivyotoza faini kabisa kwa kuwa wanachama wake wanaiona ni riba, na daftari hili linavifaa vilevile.

Anayelipa kwa simu aandikiwe namba ya muamala. Kikundi kiamue tangu mwanzo nani anabeba makato ya kutolea fedha, kwani makato hayo ya kila wiki hugeuka chanzo cha ugomvi.

Mzunguko ukikamilika, kila mwanachama awe amechangia na kupokea kiasi sawa. Mchezo unaomwahidi mtu kupokea zaidi ya alichochangia, kwa sharti la kuingiza watu wapya, ni upatu haramu unaokatazwa na Kanuni ya Adhabu. Vikundi vinavyoweka akiba na kukopeshana kwa riba navyo vina utaratibu wake wa usajili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Afisa Maendeleo ya Jamii ataeleza hatua zake.

Mwanachama akifariki au akihama katikati ya mzunguko, ukurasa wake ufungwe siku hiyo kwa kutoa alichopokea katika alichochangia. Kama ni Namba 9 baada ya wiki ya saba, kikundi kinadaiwa 70,000 na warithi wake. Kama ni Namba 3, wenzake wanaidai mirathi 46,000. Madai hayo yapelekwe kwa familia na wajumbe wawili wakiwa na daftari lenye saini ya marehemu, kabla mali haijagawanywa.