Kwotesheni ya brosha: usiangalie bei ya moja, angalia zitakazotumika

Leo tunaongelea kwotesheni ya kuchapisha brosha, ile karatasi unayopewa na mtu wa printi ikiwa na bei tatu nne, halafu unabaki unaikodolea macho. Mimi iliniumiza, ndiyo maana naandika.

Nauza mashuka na mapazia mtandaoni. Kila mzigo ninaotuma natia brosha moja: A4 inayokunjwa mara mbili, rangi pande zote mbili. Ndani kuna jinsi ya kupima dirisha, jinsi ya kufua, saizi na namba ya oda. Inasaidia sana, kwa sababu mteja akipima vizuri, pazia halirudi. Natuma mizigo kama 40 kwa wiki. Ishike hiyo namba, tutairudia.

Mara ya kwanza kwotesheni yangu ilikuwa hivi. (Ni bei ya duka moja na ya wakati ule, kwako itakuwa tofauti. Tunajifunza hesabu.)

Maandalizi: 160,000
Chini ya 1,000: kila moja 220
Kuanzia 1,000: kila moja 180
Kuanzia 3,000: kila moja 150

Yule kaka akaniambia, "Dada, chukua 3,000, hapo ndo utapata faida." Nikachukua. Mwisho wa somo utaona nilivyolia.

KWANZA: HAYO MAANDALIZI NI NINI?

Mashine kubwa ya ofseti haichapi moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Inatengenezewa pleti, yaani bati jembamba la aluminiamu lenye picha ya kazi yako. Kila rangi ina pleti yake: bluu, nyekundu, njano na nyeusi. Ni nne kwa upande mmoja, na brosha yangu ina pande mbili, kwa hiyo pleti 8. Kwangu kila pleti ilikuwa 12,000, jumla 96,000. Ile 64,000 iliyobaki ni ya kuseti mashine: kufunga pleti, kupanga rangi zikae sawa, na karatasi zinazoharibika mwanzoni.

Sasa elewa hapa. Hiyo 160,000 unailipa ukichapa 100, unailipa ukichapa 3,000. Haipungui. Inachofanya ni kugawanyika kwa brosha nyingi zaidi. Kwa hiyo ile "220 kila moja" siyo bei ya brosha yako. Bei yenyewe unaipata hivi:

Jumla = maandalizi + (idadi × bei ya kila moja)

Ukichapa 500: 160,000 + 110,000 = 270,000. Gawa kwa 500, kila moja imekugharimu 540. Siyo 220!
Ukichapa 1,000: 160,000 + 180,000 = 340,000. Kila moja 340.
Ukichapa 3,000: 160,000 + 450,000 = 610,000. Kila moja 203 na senti.

Kama unataka chache, uliza bei ya mashine ya dijitali. Ile haina pleti, ni kama printa kubwa, ila kila moja ni ghali. Mimi niliambiwa 450, bila maandalizi. Unatafuta wapi zinakutana: tofauti ya 450 na 220 ni 230. Gawa 160,000 kwa 230, unapata kama 695. Maana yake mpaka 695 dijitali ilikuwa rahisi kwangu, na kuanzia 696 ofseti inashinda. Wewe weka namba zako, hesabu ni hiyohiyo.

PILI: PUNGUZO LINA KONA

Fikiria unataka brosha 900. Hesabu: 160,000 + (900 × 220) = 358,000. Lakini 1,000 ni 340,000! Yaani ukichukua 100 zaidi unalipa 18,000 pungufu. Siyo kosa, ni kwa sababu ukifika 1,000 bei inashuka kwa brosha zote, siyo kwa zile za juu tu.

Kujua kona inaanzia wapi, chukua gharama ya 1,000 bila maandalizi, yaani 180,000, igawe kwa bei ya chini yake, 220. Unapata 818. Kwa hiyo mtu yeyote anayeagiza kuanzia 819 mpaka 999 kwenye kwotesheni hii anatupa hela. Aidha ashuke mpaka 818 au apande afike 1,000.

Lakini kuna maduka yanayohesabu tofauti. Wao bei ndogo inaanza kwa zile zilizovuka mstari tu. Yaani 999 za kwanza unalipa 220, zinazofuata mpaka 2,999 unalipa 180, na ile ya 3,000 ndo inapata 150. Piga hesabu ya 3,000 kwa mtindo huo pamoja na maandalizi: inakuja 739,930. Kwa mtindo wa kwanza ilikuwa 610,000. Karatasi ni ileile, bei zilizoandikwa ni zilezile, tofauti karibu 130,000. Utajuaje? Huwezi kujua kwa kuangalia. Uliza hivi: "Nikichukua 3,000, jumla yote nalipa shilingi ngapi?" Akikujibu kwa jumla, mambo yamekwisha. Akikujibu "ni mia na hamsini tu dada", uliza tena.

TATU: ZILIZOTUMIKA NI NGAPI?

Hapa ndipo nilipoumia. Nilichukua 3,000 kwa sababu 203 ni ndogo kuliko 340. Sikujiuliza nitazimaliza lini. Kwa mizigo 40 kwa wiki, 3,000 ni wiki 75. Karibu mwaka na nusu! Na mimi ndani niliandika bei za mashuka.

Wiki ya 30 nikawa nimetumia 1,200. Vitambaa vilikuwa vimepanda, bei zangu zimebadilika, na namba ya oda nimebadilisha. Mteja anasoma shuka la futi 6 kwa 6 kwenye brosha, anapiga simu, namtajia bei nyingine, anasema, "Dada mbona umeandika hivi?" Wawili waliniambia mimi tapeli. Nikaacha kuzitia kwenye mizigo. Zilibaki 1,800 kwenye maboksi chini ya kitanda.

Sasa gawa 610,000 kwa 1,200 zilizofanya kazi: 508 kila moja. Ile bei ya 203 haikuwahi kuwepo. Ningechukua 1,000 kwa 340,000, zingeisha wiki ya 25. Wakati huo vitambaa vilishaanza kupanda na mimi nilikuwa naona, kwa hiyo ningerekebisha kwenye oda ya pili. Na zile 200 za wiki tano zilizobaki ningechapa dijitali kwa 90,000. Jumla 430,000 badala ya 610,000. Nililipa 180,000 zaidi ili nipate "punguzo".

Kwa hiyo siku hizi naanza na namba hii kabla hata sijaomba kwotesheni:

Idadi = mizigo kwa wiki × wiki ambazo maelezo yatabaki kuwa ya kweli

Mimi najipa wiki 26. Mara 40 ni 1,040. Naangalia kona za punguzo, nachukua 1,000. Basi. Akiniambia 3,000 ni rahisi, namwambia asante kaka, sina pa kuziweka.

KITU KIMOJA CHA MWISHO: NYEUSI

Oda ya pili, fundi mmoja mzee kwenye mashine alinifundisha kitu. Vitu vinavyobadilika, kama namba ya simu, viandikwe kwa nyeusi tupu juu ya sehemu nyeupe. Mwambie anayekudizainia: nyeusi tupu, isichanganywe na rangi nyingine. Hapo maandishi yanakaa kwenye pleti nyeusi peke yake. Ukibadilisha namba, unatengeneza upya pleti nyeusi tu. Kwangu hata ikiwa pande zote mbili ni pleti 2, yaani 24,000, na kuseti mashine 64,000. Jumla 88,000 badala ya 160,000.

Ila kama namba ni maandishi meupe ndani ya boksi la rangi, haisaidii, kwa sababu ule uwazi umekatwa kwenye pleti zote za rangi hiyo. Na pleti za zamani lazima ziwe zimetunzwa. Maduka mengine yakimaliza kazi yanaziuza kama chuma chakavu. Uliza kabla ya kulipa: "Pleti zangu mnazitunza muda gani?" Bei za mashuka nimezitoa kabisa kwenye brosha. Ziko kwenye kikaratasi kidogo, naprinti mwenyewe.

Huu ndo ujumbe ninaotuma kila duka, ili kwotesheni zifanane niweze kuzilinganisha:

"Habari kaka. Naomba bei ya brosha A4, rangi pande mbili, karatasi ya kung'aa gramu 130, ikatwe na ikunjwe mara mbili. Naomba jumla ya 500, 1,000 na 2,000. Maandalizi uyaandike peke yake, na useme pleti ni ngapi. Kukata, kukunja na kodi viko ndani au nje? Nikirudia kazi hiyohiyo bila kubadilisha kitu, maandalizi nalipa shilingi ngapi?"

Hilo la kukunja usiliache. Kuna duka lilinipa bei nzuri, siku ya kuchukua nikaambiwa kukunja ni 20 kila moja. Kwa 1,000 ni 20,000 ambayo sikuwa nayo mfukoni. Na hilo la kurudia usitegemee watakuambia sifuri: pleti zikiwepo hulipii pleti, lakini mashine lazima isetiwe upya.

Majibu yakija, chukua daftari. Andika jumla ya kila duka kwa idadi UNAYOITAKA WEWE, siyo idadi anayotaka yeye. Gawa kwa brosha utakazotumia kweli. Ndogo kuliko zote ndo bei yako.

Zile 1,800 zangu bado zipo. Upande mmoja mwanangu anachorea.