Kuijibu Hoja Katika Mdahalo

SWALI: Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wakipingwa mdahaloni hurudia yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Niwafunzeje?

JIBU: Twaa mada hii: "Shule za bweni ni bora kuliko za kutwa." Mwafiki akisema ya kwamba bweni humpa mwanafunzi wasaa wa kusoma, kwa sababu haendi mwendo mrefu kurejea kwao, ametoa dai na sababu, lakini burhani bado, basi na ataje mwanafunzi atembeaye saa 2 kila siku. Mpinzani, kabla ya kunena lake, na airudie hoja hiyo kwa insafu, hata mwenyewe akiri kuwa ndiyo, kisha aonyeshe ilipopungua: saa hizo huondolewa pia na shule ya kutwa iliyo karibu, kwa hiyo kosa ni la umbali, si la kutwa. Wengi hukosea hapa, wakazusha habari ya chakula cha bweni na kuiacha hoja ikisimama.

Hakimu naye aandike safu mbili, hoja na jibu lake. Hoja isiyojibiwa huhesabiwa imesimama, ijapokuwa yeye binafsi haiafiki.