Mtoto Huntha: Yapi Hayasubiri na Yapi Yaweza Kusubiri

Hutokea mara chache kwamba mkunga, baada ya kumpokea mtoto, ashindwe kusema kama ni wa kike au wa kiume. Kinembe chaweza kuwa kikubwa kama uume mdogo, au tundu la mkojo likawa mahali pasipotarajiwa. Mtoto wa namna hii huitwa huntha. Hali hiyo si laana wala adhabu ya kosa la mama. Hutokana na jinsi vinasaba na homoni zilivyofanya kazi tumboni. Wazazi wa Mbulu na Hanang wanaokabiliwa na uamuzi wa upasuaji watafute kwanza kutenganisha mambo mawili: maradhi yanayoweza kumuua mtoto, na umbo linaloweza kusubiri.

Yasiyosubiri

Katika mojawapo ya hali hizi, tezi zilizo juu ya figo hushindwa kutengeneza homoni za kutosha za kudhibiti chumvi na sukari mwilini. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mwonekano wa kiume, lakini hatari haimo katika mwonekano huo. Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu mwili waweza kupoteza chumvi nyingi: mtoto hutapika, hunyonya kwa shida, hupungua uzito na kulegea. Dalili hizo zikionekana, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Matibabu yake ni dripu ya maji ya chumvi na sukari pamoja na dawa ya haidrokotisoni, kisha dawa za kila siku maishani. Kisu hakitibu ugonjwa huu. Kwa hiyo mtoto anayeonekana mvulana lakini korodani zake zote mbili haziguswi apimwe damu mapema, ijapokuwa anaonekana mzima.

Upasuaji wa kumwezesha mtoto kukojoa, pale njia ya mkojo inapoziba, nao hausubiri.

Kwa nini watu wazima wengi wanapinga

Katika miaka ya 1950, John Money na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, walifundisha kwamba mtoto ataizoea jinsi atakayopewa, mradi ichaguliwe mapema na umbo lifanywe lilingane nayo. Mafundisho hayo yalienea hospitalini, na mara nyingi mtoto hakuambiwa alichofanyiwa. Kuanzia miaka ya 1990 waliopasuliwa wakiwa wachanga walianza kusema hadharani. Walieleza makovu yenye maumivu, kupoteza hisia katika tendo la ndoa, na kupasuliwa tena na tena. Wengine walikuwa wameondolewa tezi za uzazi, wakapoteza uwezekano wa kuzaa na kulazimika kutumia homoni daima. Wengine walipewa jinsi wasiyojitambua nayo.

Wapo pia walioridhika na upasuaji wao, na madaktari hawajakubaliana. Baadhi yao huona kwamba upasuaji wa mapema humwepusha mtoto na aibu. Wanaopinga hujibu kwamba aibu yaweza kupunguzwa kwa malezi na ushauri, lakini kiungo kilichoondolewa hakirudi.

Kisa cha Kenya

Mwaka 2009 alizaliwa mtoto katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Katika karatasi za matibabu, penye jinsi paliandikwa alama ya kuulizia. Mama yake alifika Mahakama Kuu kudai mtoto atambuliwe na upasuaji wa watoto wa aina hiyo uwekewe utaratibu. Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola aliagiza serikali ieleze hatua za kuandaa miongozo. Baadaye, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilimtambua mtoto huntha na kuzuia kubadilishwa au kuondolewa kwa viungo vyake bila ushauri wa daktari bingwa wa vinasaba. Sheria hiyo haitumiki Tanzania, lakini swali la mama yule ni la kila mzazi: nani aamue, na lini?

Kabla ya kutia saini

Muulize daktari, naye ajibu kwa lugha mnayoielewa:

1. Hali hii inaitwaje, na vipimo gani vimeithibitisha?
2. Mtoto atapata madhara gani ya kiafya tukisubiri mwaka mmoja, au mpaka aweze kusema mwenyewe?
3. Ni kiungo gani kitakatwa, na uwezo gani utapotea: kuhisi, kuzaa, kutengeneza homoni?
4. Kama mnahofia saratani, ni kubwa kiasi gani kwa hali hii hasa? Katika hali nyingine hatari ni ndogo kabla ya kubalehe, katika nyingine ni kubwa.

Jibu la swali la pili likiwa ni kuhusu mwonekano tu, mna muda. Ombeni rufaa katika hospitali ya kanda, kama KCMC Moshi, mpate maoni ya pili. Mnaweza kumpa mtoto jina na kumlea kama msichana au mvulana kufuatana na vipimo bila kumpasua. Tunzeni nakala za vipimo na vyeti vyote vya hospitali, na mwelezeni mtoto ukweli kidogo kidogo kadiri anavyokua, kwa kuwa ndiye atakayeishi na uamuzi wenu.