Madaftari Matatu, Dozi Moja: Artesunati kwa Mtoto Mwenye Malaria Kali

Daftari la mwanafunzi wangu lilikuwa na mafundisho matatu kuhusu malaria kali kwa watoto. Mhadhiri wa kwanza alifundisha kwinini. Wa pili, artesunati ya sindano, miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito. Wa tatu, artesunati hiyohiyo, miligramu 3. Katika muhtasari wake mwanafunzi akaandika 2.7, yaani wastani. Dozi hiyo haikufundishwa na yeyote.

Kabla ya kuunganisha, sharti tuulize kila fundisho ni la lini na linamhusu nani. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesunati kwa watoto baada ya utafiti uliofanyika Afrika na kuchapishwa mwaka 2010. Mwaka 2015 likapandisha dozi hadi miligramu 3 kwa walio chini ya kilo 20, kwani dozi ya awali iliacha dawa pungufu katika damu yao. Basi mtoto wa kilo 12 hupewa miligramu 36, si 28.8. Kwa mwenye kilo 20 au zaidi, 2.4 ingali sahihi. Kwinini hutumika artesunati na artemetha zinapokosekana.

Hitilafu nyingine ilikuwa ya maneno tu: mmoja alisema “sindano tatu”, mwingine “hadi aweze kumeza”. Yote mawili huingia katika sentensi moja: sindano ya kwanza mara moja, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24, kisha moja kila siku hadi mtoto aweze kumeza, ndipo apewe dawa mseto kwa siku 3 kamili, hata kama ameshaanza kucheza.