Ukufi Mmoja Una Nini? Protini na Mafuta katika Mbegu za Boga, Ufuta, Alizeti na Njugu

Katika ushauri wa lishe, mgonjwa huambiwa mara nyingi ale "ukufi mmoja" wa njugu au mbegu kwa siku. Ni kipimo chepesi kukumbuka, kwa kuwa kila mtu anacho kiganja. Lakini viganja havilingani, na mbegu nazo hazilingani. Somo hili linaeleza kilichomo katika ukufi mmoja uliopimwa kwa mizani, na jinsi mhudumu wa afya au mgonjwa mwenyewe anavyoweza kuupima kwa usahihi wa kutosha.

Gramu 30 kama msingi

Majedwali ya virutubishi huandikwa kwa gramu 100 za sehemu inayoliwa. Ndivyo yalivyo majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kwa kushirikiana na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania pamoja na Chuo Kikuu cha Harvard. Hata hivyo, ni nadra mtu kula gramu 100 za mbegu kwa mara moja. Kwa hiyo wataalamu wa lishe wengi hutumia gramu 30 kuwa ukufi wa kawaida wa mtu mzima. Takwimu zifuatazo ni wastani unaokubalika kimataifa, kwa mbegu kavu zisizo na chumvi wala mafuta ya kuongeza. Mbegu za boga, alizeti na njugu zimeondolewa maganda ya nje. Ufuta ni mzima.

| Gramu 30 | Protini (gramu) | Mafuta (gramu) |
|---|---|---|
| Mbegu za boga | 9.1 | 14.7 |
| Njugu (karanga) | 7.7 | 14.8 |
| Mbegu za alizeti | 6.2 | 15.4 |
| Ufuta | 5.3 | 14.9 |

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba safu ya mafuta karibu haibadiliki. Mbegu zote nne ni mafuta kwa kiasi cha nusu ya uzito wake, na kila ukufi wa gramu 30 hutoa takriban kilokalori 170. Protini ndiyo inayotofautiana: mbegu za boga zinakaribia kuwa na mara mbili ya ile ya ufuta. Mtu akichagua kati ya mbegu hizi, hachagui yenye mafuta machache. Anachagua kiasi cha protini atakachopata kwa mafuta yaleyale.

Hesabu hiyo huonekana wazi zaidi ikigeuzwa. Yai moja la kuku lina protini ya gramu 6 hivi na mafuta ya gramu 5. Ili kupata protini kama hiyo, zinahitajika gramu 20 za mbegu za boga, ambazo huja na mafuta ya gramu 10. Kwa njugu zinahitajika gramu 23, na mafuta yake ni gramu 11. Kwa alizeti ni gramu 29 na mafuta 15. Kwa ufuta ni gramu 34 na mafuta 17. Mbegu, basi, ni chakula cha mafuta chenye protini nzuri ndani yake, wala si badala kamili ya yai au samaki.

Mafuta hayo yenyewe si mabaya. Sehemu kubwa ni ya aina isiyoganda, tofauti na mafuta ya nazi ambayo mengi yake ni ya aina inayoganda. Lakini kila gramu moja ya mafuta, ya aina yoyote, hutoa kilokalori 9, na mwili huzihesabu zote.

Mfano kutoka Matemwe

Uchukuliwe mfano wa kufundishia kutoka Matemwe, kijiji cha pwani ya kaskazini-mashariki ya Unguja. Mama wa miaka 52, mkulima wa mwani, ana kisukari cha aina ya pili na ameshauriwa kupunguza uzito. Siku za bamvua, maji yanapokupwa, huteremka ufukweni asubuhi na kukaa saa kadhaa katika mashamba ya mwani. Huchukua njugu za kukaanga kwenye kitambaa kwa sababu hazichachi kama wali na hazihitaji sahani. Kliniki ameeleza kwamba hula "kufi mbili tu." Uzito wake haujapungua kwa miezi mitatu, naye ameanza kuamini kwamba mwili wake ndio ulivyo.

Mhudumu wa afya hakumkatalia maneno yake. Alimwambia, "Mama, naomba uchote kama unavyochota nyumbani, usinionee haya." Mama akachota. Mizani ikaonyesha gramu 44. Akarudia mara mbili zaidi: gramu 41, kisha gramu 47. Wastani wa mara tatu ni gramu 44.

Kiganja chake, basi, ni kikubwa kuliko ukufi wa kitabuni kwa karibu nusu. Kufi zake mbili ni gramu 88. Ndani yake mna protini ya gramu 23, jambo zuri, kwani mwanamke wa kilo 60 huhitaji takriban gramu 50 kwa siku. Lakini mna pia mafuta ya gramu 43 na kilokalori zipatazo 500. Ili kupata picha, pakiti moja ya chakula dawa cha njugu wanachopewa watoto wenye utapiamlo mkali ina gramu 92 na kilokalori 500. Mama huyu alikuwa akila kiasi kama hicho akidhani ametafuna kitu cha kupoza njaa.

Ushauri aliopewa haukuwa kuziacha njugu. Njugu zina wanga mdogo na hazipandishi sukari ya damu kwa haraka, na kwa mtu anayefanya kazi juani saa nyingi ni bora kuliko andazi na chai ya sukari. Aliambiwa apime gramu 30 nyumbani, hizo ziwe za siku nzima, na protini iliyobaki aitafute kwa samaki, ambaye Matemwe hapatikani kwa shida na ambaye mafuta yake kwa kawaida ni machache iwapo hakukaangwa.

Mjukuu wake wa miaka mitatu, aliyefuatana naye na ambaye uzito wake ulikuwa chini kidogo, alipewa ushauri ulio kinyume. Kwake mafuta hayo ni msaada, kwa kuwa tumbo la mtoto ni dogo na huhitaji chakula chenye nguvu nyingi katika kiasi kidogo. Gramu 15 za njugu zilizotwangwa laini na kutiwa katika uji huongeza kilokalori 85 hivi, protini ya gramu 4 na mafuta ya gramu 7. Zitwangwe, zisitolewe nzima, kwani mtoto wa umri wa chini ya miaka mitano anaweza kupaliwa na njugu nzima hadi kuziba njia ya hewa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hatibiwi kwa njugu za nyumbani, hupelekwa kituoni.

Jinsi ya kupima

Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Kwanza ikaguliwe: chombo kitupu kiwekwe juu yake, mizani irudishwe kwenye sifuri, kisha imiminwe nusu lita ya maji. Isome karibu na gramu 500. Ikikosea kwa zaidi ya gramu chache, isitumike.

Palipo na mizani ya dukani tu, isiyoweza kusoma uzito mdogo, mgonjwa achote kufi kumi mfululizo katika bakuli moja. Uzito wote ugawanywe kwa kumi. Kwa mama wa mfano wetu ingesoma takriban gramu 440, na jibu lingekuwa lilelile.

Baada ya kupima mara moja, mizani haihitajiki kila siku. Gramu 30 zitiwe katika kikombe kidogo cha nyumbani, kama kile cha kahawa, na mahali zilipofika pawekwe alama. Kila aina ya mbegu ipimiwe alama yake, maana nafasi zinazobaki baina ya punje za ufuta si sawa na zile za baina ya njugu.

Makosa yanayopotosha kipimo

Kosa la kwanza ni maganda. Karibu nusu ya uzito wa alizeti yenye maganda ni maganda matupu. Gramu 30 zake huacha gramu 16 hivi za kuliwa, zenye protini kidogo zaidi ya gramu 3 na mafuta ya gramu 8. Mbegu za boga zikipimwa na maganda hupoteza karibu robo: gramu 30 hubaki 22, zenye protini ya gramu 6.7 na mafuta ya gramu 11. Hilo lakumbukwe hasa wakati wa Ramadhani, maboga yanapopikwa kwa futari na mbegu zake zikawa nyingi. Zisitupwe: zioshwe, zianikwe hadi zikauke, zikaangwe kavu, kisha zipimwe baada ya kumenywa.

Kosa la pili ni ufuta mzima. Punje zake ni ndogo mno kiasi kwamba nyingi humezwa bila kutafunwa na hupita tumboni zikiwa na sehemu ya virutubishi vyake. Takwimu za jedwali humfikia mlaji vizuri zaidi ufuta ukikaangwa kidogo na kutwangwa.

Kosa la tatu ni kuhesabu kashata kuwa njugu. Kipande cha kashata cha gramu 30 kina sukari nyingi mahali pa njugu, hivyo protini hushuka na sukari ya damu hupanda. Kwa mwenye kisukari hivyo ni vyakula viwili tofauti.

Mizani pia haionyeshi ubora. Njugu zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote. Zichambuliwe kabla ya kupimwa, na zenye dalili hizo zitupwe. Wasipewe hata kuku. Zenye harufu ya mafuta yaliyochacha nazo ziachwe. Na mtu aliyewahi kuvimba midomo, kuwashwa mwili au kubanwa na pumzi baada ya kula njugu au ufuta hapaswi kupewa kiasi chochote, hata kiwe kidogo namna gani.

Mhudumu atakayeandika "ukufi mmoja" katika kadi ya mgonjwa, basi, aandike pembeni yake gramu ngapi, za mbegu gani, na iwapo zimemenywa. Mama wa Matemwe alirudi nyumbani na kikombe chenye mstari wa kalamu. Siku za bamvua hujaza hadi hapo, hufunga kitambaa chake, na kushuka pwani.